"Nyumbani kwangu" si kosa

Majuzi nilikuwa Kitale, nimeketi dukani kwa shemeji yangu, hatua chache kutoka steji ya magari ya Lodwar. Nilikuwa nikinywa chai yangu taratibu aliponijia binti mmoja muuguzi, mzaliwa wa Mbale, ng'ambo ya pili ya Mlima Elgon. Anafanya kazi katika kliniki moja ya kibinafsi mjini Bungoma, na kwa miezi mitano sasa amekuwa akijifunza Kiswahili jioni, mara mbili kwa juma. Shemeji alikuwa amemwambia kwamba mimi ndiye "yule mzee wa Kiswahili wa gazetini". Akatoa daftari mkobani, akalifungua mbele yangu bila maneno mengi.

Zoezi lilikuwa la sentensi kumi kuhusu nyumba anamoishi. Alipata nne. Sentensi ya kwanza ilisema, "Nyumbani kwangu kuna vyumba viwili." Ilikuwa imekatwa kwa kalamu nyekundu, na juu yake pameandikwa "mwangu mna". Sentensi ya pili ilisema, "Chumbani yangu iko kitanda na meza." Hiyo ilikuwa na alama ya vema! Ya sita ilisema, "Pale dukani pana mikate," nayo ilikatwa, na pembeni mwalimu akaandika, "Dukani ni mbali, tumia kule."

"Sasa Mwalimu," akaniuliza, "nikiwa na mgonjwa nitasemaje? Mimi nimeanza kuogopa kufungua mdomo."

Akanieleza kwamba akina mama wazee wanaoshuka kutoka Chwele na Kimilili huwa anawaongelesha kwa Kiingereza, halafu anamwita mfagiaji aje amtafsirie. Naye Kiswahili anakijua kiasi cha kutosha. Lililomfunga ulimi ni ile kalamu nyekundu. Ndiyo maana nimeamua kuyakagua masahihisho yale hapa, kwa sababu nimeona mengine ya aina hiyo hiyo katika madaftari ya wanafunzi wetu wenyewe, si ya wageni tu. Mwalimu wa binti huyu simjui wala sina haja ya kumjua. Ninalolilaumu ni kanuni aliyoitumia, ambayo binti alikuwa ameinakili vizuri kwenye jalada la ndani: PA ni karibu, KU ni mbali, M ni ndani. Na juu yake: kiambishi -ni maana yake ni "ndani ya".

Tuanze na hiyo -ni, maana ndiyo mlango wa mambo yote.

Chukua neno duka. Duka ni kitu. Lina mwenyewe, lina paa, lina deni la kodi. Tukilisema tunasema duka hili, duka langu, duka limefungwa. Likiwekwa sokoni tunasema, "Duka linauzwa," na msikilizaji anaelewa kwamba ukiwa na pesa unaweza kulinunua lote, rafu na mizani ikiwemo. Sasa liongezee -ni: dukani. Ukisema, "Dukani kunauzwa sukari," hakuna anayedhani kwamba duka lenyewe linauzwa. Umeacha kuzungumzia kitu, unazungumzia mahali. Kiambishi -ni kimelitoa neno duka katika ngeli yake ya LI-YA na kulihamishia ngeli ya mahali, ile ambayo shuleni tunaiita PA-KU-MU. Na likishahamia huko, kila kinacholiandama lazima kihamie nalo: kivumishi, kiashiria, hata kitenzi. Hatusemi tena dukani hili limejaa watu. Twasema dukani humu mmejaa watu, au dukani hapa pamejaa watu, au dukani kule kumejaa watu.

Hapo ndipo penye kosa la "chumbani yangu" ambalo mwalimu aliliwekea vema. Chumba chenyewe ni cha ngeli ya KI-VI: chumba changu. Kikishapata -ni, ni mahali: chumbani mwangu, chumbani kwangu, chumbani pangu. Hiyo "yangu" imetoka wapi? Si ya chumba, maana chumba kingedai "changu". Wala si ya mahali. Nilimuuliza binti mwenyewe, akanijibu jibu ambalo lilinifurahisha kuliko vitabu vingi. "Mwalimu, si watu husema ndani yangu, mbele yangu, chini yangu? Na ndani na chini yana -ni!"

Kumbe alikuwa amefikiri. Maneno ndani na chini kweli yana -ni iliyogandamana nayo zamani; chini, kwa mfano, limetokana na nchi, yaani ardhi. Lakini yamekaa na kiambishi hicho muda mrefu hata yamekuwa maneno kamili yanayojitegemea, nayo huunganishwa kwa "ya": ndani ya nyumba, chini ya meza, kama vile juu ya meza na nyuma ya duka. Hata pwani, ambalo lilitokana na pwa, siku hizi ni jina kamili la sehemu, ndiyo maana tunasema pwani ya Kenya bila wasiwasi wowote. Maneno kama haya ni machache, na anayeanza anaweza kuyakariri. Chumbani, dukani, sokoni, ofisini, hospitalini na shambani hayamo katika kundi hilo. Hayo bado yanakumbuka kwamba yalihamia ngeli ya mahali jana tu.

Kwa hiyo kusema kwamba -ni maana yake ni "ndani ya" ni kumpoteza mwanafunzi. Ukimwambia mtu, "Weka kikombe mezani," hatatafuta msumeno apasue meza akiingize kikombe ndani. Ukisema, "Wafula yuko mlangoni," Wafula hayumo ndani ya ubao. Na ukisema, "Natoka mjini," -ni haikuambii kwamba unatoka. Kitenzi ndicho kinachokuambia. Kiambishi hiki kinasema tu: mahali palipo na kitu hiki, au panapohusu kitu hiki. Kama ni juu, ndani, kando au kuelekea, hayo yanatoka kwingine. Kuna wanaoihusisha -ni na neno ini, kile kiungo kilichomo mwilini, na si ajabu kwamba zamani iliegemea maana ya undani. Lakini historia ya neno si matumizi yake ya leo.

Sasa twende kwenye kosa ambalo halikuwa kosa. "Nyumbani kwangu kuna vyumba viwili." Mwalimu alikata kwa hoja kwamba vyumba vimo ndani ya nyumba, na kwa hiyo lazima iwe M: mwangu mna. Hoja inaonekana safi. Kasoro yake ni kudhani kwamba jina ndilo linalochagua. Katika ngeli nyingine zote jina ndilo hutawala: ukisema kiti huna hiari, ni changu. Ngeli ya mahali ni tofauti. Jina likishakuwa mahali, linakubali PA, KU na M, na anayechagua ni wewe msemaji, kulingana na unavyopaona mahali hapo.

Ukipaona kama doa moja, sehemu unayoweza kuiwekea kidole, unatumia PA. Ukipaona kama eneo lisilo na mipaka unayoijali, unatumia KU. Ukipaona kama chombo chenye undani, unatumia M. Bi. Ashton katika sarufi yake ya mwaka 1944 alikwisha kueleza PA kwa umahususi wa mahali na KU kwa kutokuwa na umahususi, wala si kwa karibu na mbali. Wapwani hawakuhitaji kuelezwa.

Pima kwa nyumba ile ile. "Nyumbani kwangu hakuna stima." Hapa nazungumzia makazi yangu, boma langu, upande wangu, pengine nguzo za umeme hazijafika mtaani. "Nyumbani mwangu mnavuja." Hapa nazungumzia ndani, chini ya paa, pale kitanda kinapolowa. "Nyumbani pangu ni hapa," nikikuonyesha kiwanja chenyewe. Zote tatu ni Kiswahili. Binti aliposema nyumbani kwangu kuna vyumba viwili alikuwa anaeleza makazi yake yalivyo. Angesema mwangu mna, angekuwa ametuingiza ndani tuhesabu. Mwalimu ana haki ya kupendelea moja. Kuikata nyingine kwa wino mwekundu, hiyo haki hana.

Yapo maneno ambayo kwa desturi huegemea upande mmoja. Mfukoni na kichwani karibu kila mara huwa mwangu, kwa sababu mfuko na kichwa tunavitazama kama vyombo. Mezani huwa pangu, maana meza ni bapa. Lakini hata hapo anayetawala ni mtazamo. Mwambie fundi anayetafuta skrubu iliyopotelea kwenye mtoto wa meza, naye atakuambia mezani mna skrubu, na hutamsahihisha.

Nitaongeza jambo moja la dukani, kwa kuwa pale kwa shemeji lilitokea tukiwa tunaongea. Mteja alisimama nje ya ule wavu wa chuma akauliza, "Mna sukari?" Shemeji akajibu, "Tuko nayo." Muuguzi akageuka kwangu: "Mna hii ni ya ninyi au ya humu ndani?" Swali la haki kabisa! Mna yaweza kuwa "ninyi mna" na yaweza kuwa "humu mna". Shemeji aliichukua ya kwanza. Angeichukua ya pili angejibu, "Imo." Lugha inakubali zote mbili, na sukari ikauzwa.

Sasa viashiria. Hapa ndipo ile kanuni ya jaladani inapovunjika vibaya zaidi, na kuivunja hakuhitaji profesa. Ikiwa PA ni karibu, mbona kuna neno pale? Ikiwa KU ni mbali, mbona kuna neno huku? Ukweli ni kwamba karibu na mbali ni ngazi moja, na PA, KU, M ni ngazi nyingine, nazo zinakatana. PA ina hapa, hapo na pale. KU ina huku, huko na kule. M ina humu, humo na mle. Maneno tisa. Katika kila kundi la kwanza ni la karibu na msemaji, la pili ni la karibu na msikilizaji au la mahali pali'kwisha kutajwa, na la tatu ni la mbali na wote wawili. Aliyeandika kwamba dukani ni mbali kwa hiyo tumia kule, alichanganya ngazi mbili. Pale dukani ni duka lile moja tunaloliona au tunalolijua. Kule dukani ni upande ule wa duka. Umbali waweza kuwa ule ule.

Badala ya kumpa binti maneno tisa ayakariri, nilimwomba anisomee maelekezo aliyopewa na mama mwenye nyumba siku alipohamia Bungoma kutoka Kitale. Bado alikuwa nayo kwenye simu, na aliniruhusu niyanukuu. Mama yule si mwalimu, ni mfanyabiashara wa mahindi, lakini tazama anavyopanga maneno:

"Panda gari hapo Kitale, upite Kiminini na Kamukuywa, ushuke Webuye. Hapo Webuye kuna gari za Bungoma nyingi. Ukifika Kanduyi usishuke, endelea mpaka mjini. Ukishuka pale steji utaona duka la dawa. Ingia humo umuulize mwenye duka njia ya kwangu. Nyuma ya duka kuna uchochoro, fuata huko mpaka mwisho. Nyumba ni pale penye mwembe. Mimi niko huku nyuma jikoni, piga hodi kwa nguvu."

Tuyachambue polepole. Hapo Kitale: mama yuko Bungoma, binti ndiye yuko Kitale. Ni mahali pa msikilizaji, ndiyo maana hakusema hapa. Hapo Webuye: Webuye hapako karibu na yeyote kati yao. Lakini pametajwa sasa hivi, na hapo inarudi nyuma kupashika. Kazi hii ya kurejelea ndiyo wanafunzi wengi hawaambiwi. Wanafundishwa kwamba hapo ni "mbali kidogo", halafu wanashangaa Webuye imekuwaje mbali kidogo.

Pale steji: mahali mahususi, pa mbali na wote wawili wakati ule, na mama anapaona akilini kana kwamba anakuonyesha kwa kidole. Ingia humo: duka la dawa limetajwa, na sasa anataka uvuke kizingiti, kwa hiyo si hapo tena, ni humo. Jaribu kubadilisha: angesema "simama hapo umuulize", ungebaki nje dirishani. Tofauti ya humo na hapo ni tofauti ya kuvuka mlango na kutovuka.

Fuata huko: uchochoro hauna doa la kuwekea kidole, ni upande wa kuelekea, na umetajwa. Fuata hapo isingeeleweka, maana huwezi kufuata doa. Pale penye mwembe: sasa tumerudi kwenye doa. Ona pia kwamba penye imekubaliana na pale. Mama hakusema pale kwenye, ingawa mitaani ungeisikia hiyo nayo. Mwisho, na hili ndilo ninalolipenda, mimi niko huku nyuma jikoni. Yuko pale pale anapozungumzia, karibu kuliko mahali pengine popote, na bado hakusema hapa. Alisema huku kwa sababu alikuwa anataja upande wa nyuma wa boma, si kigoda anachokalia. Kwa kanuni ya KU ni mbali, mama huyu angepata sifuri, na binti asingefika.

Alifika. Aliniambia hakupotea hata mara moja, ila mwembe ulikuwa umekatwa.

(Kuhusu umbali, nisiwafiche wageni: watu wetu hupima kwa kurefusha sauti. Kule ni mbali. Kuleee ni mbali zaidi, na ukiona mtu anaonyesha kwa midomo huku akirefusha, tafuta bodaboda. Nayo "hapo tu" ya Kitale yaweza kukumaliza viatu. Sarufi haina dawa ya hilo.)

Limebaki jambo moja ambalo binti hakuuliza, lakini lilikuwa daftarini mwake na mdomoni mwa kila mtu pale steji. Ni "kwa". Niko kwa duka. Weka kwa meza. Ameingia kwa nyumba. Kwa kawaida ya Kiswahili sanifu, kwa ya mahali huandamana na watu: kwa daktari, kwa Wafula, kwa shemeji. Inafaa hivyo kwa sababu majina ya watu hayachukui -ni. Hakuna aendaye daktarini. Vitu na majengo, vikiwa mahali, huchukua -ni: dukani, mezani, nyumbani.

Wengi hulilaumu Lubukusu. Kuna mantiki fulani. Lubukusu huweka alama ya mahali mbele ya jina, si nyuma: nyumba ni enju, ndani ya nyumba ni munju. Mtu aliyezoea kuanza na mahali kabla ya jina ataitafuta alama ya kutanguliza, na kwa iko tayari inamngoja. Lakini sikubali kwamba maelezo yameishia hapo. Kitale ni mji wa makabila mengi, na wamo Wagikuyu wengi, ambao lugha yao ina kiambishi cha -ini mwishoni mwa jina, nyumba-ini, karibu sawa kabisa na chetu. Kama lugha ya mama ndiyo sababu pekee, hao wasingesema kwa nyumba. Wanasema. Na Nairobi wanasema zaidi.

Mimi sitamkemea mtu kwa hilo akiwa kwenye mazungumzo. Nasema mwenyewe nikiwa na haraka. Lakini tujue tunachokipoteza. Tukiwa pale pale dukani, mama mmoja alishuka kwenye gari la Lodwar kununua maji, akamwachia kijana mmoja mtoto wake amshike. Aliporudi akamuuliza, "Mtoto yuko wapi?" Kijana akajibu, "Yuko kwa gari." Mama akazunguka gari mara mbili, mkono kifuani, akimtafuta kando ya magurudumu. Mtoto alikuwa ndani, amelala kwenye kiti cha nyuma, na injini inanguruma. Kijana angesema "yumo garini", au "yuko mle garini", mama asingezunguka. Angesema "yuko pale garini", mama angetazama kando ya mlango. Kwa imemeza yote mawili. Katika kliniki jambo hilo huwa zito zaidi: dawa iko kwa kabati, je, juu yake au ndani yake?

Vilevile kuna kosa la upande wa pili, la watu wanaojitahidi kupita kiasi: katika chumbani, kwenye dukani, ndani ya nyumbani. Hapo mahali pametiwa alama mara mbili. Chagua moja: katika chumba au chumbani. Hazilingani kabisa, lakini, na hili ni la kumwambia anayeanza mapema. Ukitaka kukisifu chumba, -ni itakukwamisha. Chumbani kikubwa si sahihi, maana kikubwa ni cha kitu na chumbani ni mahali. Hapo rudi kwenye katika: katika chumba kikubwa chenye madirisha mawili. Kiambishi -ni kinaelewana vizuri na vimilikishi, viashiria na -ote (chumbani mwangu, chumbani humu, chumbani mote), lakini sifa za kitu hakizibebi. Na majina ya miji yenyewe hayakihitaji. Kitale ni mahali tayari. Hatusemi Kitaleni, ila tunasema Kitale kote, Kitale kwenyewe, huku Kitale, na ukubaliano wa mahali unaonekana hapo bila -ni yoyote.

Binti aliandika upya zile sentensi tatu akiwa amekaa juu ya gunia la mbolea. Ya kwanza aliiacha ilivyokuwa: Nyumbani kwangu kuna vyumba viwili. Ya pili aliirekebisha: Chumbani mwangu mna kitanda na meza. Ya sita aliiacha pia: Pale dukani pana mikate. Nilimwambia amwonyeshe mwalimu wake kwa heshima, na amwulize tu swali moja, kwamba ikiwa PA ni karibu, pale ni nini.

Juzi amenipigia simu kutoka Bungoma. Mwalimu amemrudishia alama mbili, na amemnyang'anya ile moja aliyokuwa amempa kwa "chumbani yangu". Kwa hiyo ana tano.